Swichi ya ukutani: kupunguza umeme wa televisheni na kuikinga Maskati

Kabla hujagusa rimoti, ni vizuri ujue ukweli mmoja kuhusu bili ya Maskati: kinachokula umeme ni kiyoyozi. Televisheni inafuata mbali sana nyuma. Anayekwambia kwamba utapunguza bili kwa nusu kwa kubonyeza kitufe kimoja kwenye menyu ya televisheni hajawahi kuisoma bili ya mwezi wa Julai. Hata hivyo zipo yuniti za kuokoa. Na zaidi ya hapo, hatua zile zile zinazookoa yuniti hizo ndizo zinazoikinga seti usiku ambao umeme unakatika na kurudi kwa kishindo.

Tuchukue nyumba ya mfano huko Al Hail. Sebuleni kuna televisheni ya LED ya inchi 55, king'amuzi cha dishi na spika ndefu ya chini ya kioo. Seti inawashwa saa 7 kwa siku. Ilitoka dukani ikiwa kwenye picha kali, ile inayoandikwa Vivid au Dynamic, na hapo inakula takriban wati 150. Ikihamishiwa Standard, na mwanga wake ukapunguzwa, inashuka hadi kama wati 85. Tofauti ni wati 65, na kwa saa 7 ni karibu nusu yuniti kwa siku. Kwa siku 30 zinakuwa yuniti 13 na ushei. Yuniti hapa ni kilowati-saa, ile ile ya Luku au Tukuza.

Zile saa 17 nyingine seti imezimwa kwa rimoti, lakini haijalala. Ikiwa kuwaka kwa haraka kumewashwa, inaweza kuwa inavuta wati 15 kimya kimya, na king'amuzi nacho kinavuta 10. Hizo wati 25 kwa saa 17 zinafika takriban yuniti 13 kwa mwezi. Ukijumlisha na zile za picha, nyumba hii inapoteza yuniti 26 kila mwezi. Sasa tazama bili yako uone unalipa baisa ngapi kwa yuniti, maana kiwango hutegemea aina ya akaunti na wingi wa matumizi. Kwa hesabu nyepesi ya baisa 20, ni kama nusu riali. Ukiwa na seti tatu, moja majlis, moja sebuleni na moja kwa watoto, hesabu inapanda.

Kuna nyongeza ambayo wengi hawaihesabu. Karibu umeme wote unaoingia kwenye televisheni huishia kuwa joto ndani ya chumba, na miezi ya joto hapa ni mingi. Kiyoyozi cha kawaida hutumia kama wati moja kutoa nje wati tatu za joto. Kwa hiyo seti ya wati 150 inakitwisha kiyoyozi mzigo wa wati 50 zaidi. Ukipunguza wati za seti, unapunguza na hizo.

Tuanze na picha. Katika seti ya LED, kinachokula umeme ni taa zilizo nyuma ya kioo. Ukipunguza rangi au Contrast hupati kitu cha maana. Ukipunguza taa za nyuma, mita inaona. Tatizo ni kwamba kila kampuni inaiita taa hiyo jina lake. Kwenye seti nyingi za LG imeandikwa Backlight. Kwenye Sony na kwenye Samsung za miaka ya karibuni, Brightness ndiyo taa ya nyuma. Lakini kwenye seti nyingine Brightness hugusa weusi wa picha tu, na ukiishusha unapata sura za watu zilizozama gizani bila kuokoa hata wati moja. Namna ya kujua ni rahisi: weka picha yenye eneo kubwa jeupe, kisha ushushe kipimo. Kama weupe wote unafifia kwa pamoja, hiyo ndiyo taa ya nyuma. Kama weupe unabaki vile vile na nywele nyeusi za mtangazaji zinaungana na koti lake, umeshika kipimo kingine. Kirudishe.

Sasa njia ya mkato, yaani hali ya kuokoa umeme. LG huiita Energy Saving, nayo ina ngazi kadhaa hadi Maximum. Samsung ina ukurasa unaoitwa Power and Energy Saving, na ndani yake utakuta Ambient Light Detection au Brightness Optimization. Seti za Google TV huwa na sehemu ya Power & Energy. Njia ya kufika huko hubadilika kila mwaka wa toleo, kwa hiyo andika neno energy kwenye kisanduku cha kutafutia cha menyu kama seti yako inacho.

Baadhi ya hali hizi zinategemea jicho dogo la kupima mwanga, ambalo mara nyingi liko kwenye ukingo wa chini wa kioo. Hapo ndipo lawama nyingi huanzia. Mtu anawasha hali ya kuokoa, picha inakuwa ya giza totoro, anaizima kwa hasira na haigusi tena. Mara nyingi sababu ni ile spika ndefu iliyowekwa mbele ya ukingo: jicho linaona kivuli chake, seti inaamini chumba kina giza. Isogeze spika nyuma kidogo au uiteremshe, halafu utazame tena. Kinyume chake pia hutokea, pale taa ya mezani inapomulika jicho moja kwa moja na seti ikawaka kwa nguvu zote usiku wa manane.

Na nyumba za Maskati zinaisaidia hali hii kuliko mtu anavyodhani. Mchana pazia nzito zimefungwa kuzuia jua, chumba kina kivuli, na picha kali ya dukani haina kazi yoyote humo. Ilitengenezwa kushindana na taa za dukani. Ikiwa ulinunua seti iliyokuwa imewekwa kwa maonyesho, tuseme katika moja ya maduka ya Ruwi, hakikisha imetolewa kwenye hali ya duka. Dalili yake ni hii: unabadilisha picha kuwa Standard, na baada ya dakika chache inarudi yenyewe kwenye ukali. Tafuta mahali palipoandikwa Store, Retail au Usage Mode uchague Home. Ngazi ya Maximum mimi siipendi kwa mpira wa mchana. Ya kati inatosha watu wengi.

Seti ya OLED ni habari nyingine. Haina taa ya nyuma, kila nukta inawaka yenyewe, kwa hiyo matumizi yanafuata kilichopo kwenye kioo. Mchezo wa mpira wenye uwanja unaong'aa, au habari zenye mandhari meupe, hula zaidi ya filamu ya usiku. Anayeacha Kurani ikisomwa kutwa kwenye televisheni kwa ajili ya sauti tu ndiye mwenye faida kubwa ya kuchukua hapa: LG ina Screen Off, Sony ina Picture off. Kioo kinazimika, sauti inaendelea. Kwa LED pia hali hiyo hupunguza matumizi kwa kiasi kikubwa, maana taa za nyuma zinazimwa.

Tuje kwenye usingizi wa seti. Televisheni ya kisasa iliyozimwa kwa rimoti, bila nyongeza yoyote, hula nusu wati au chini yake. Kanuni za Ulaya zinailazimisha hivyo, na watengenezaji wakubwa hupeleka bodi hizo hizo kwingi duniani. Kinachoharibu hesabu ni nyongeza. Ya kwanza ni kuwaka kwa haraka, ambayo LG huiita Quick Start+. Seti haizimiki kweli. Ubongo wake unabaki macho ili ufungue kwa sekunde mbili badala ya kumi na kitu. Ya pili ni ruhusa ya kuwashwa kupitia simu au kwa sauti, inayoacha waifai ikisikiliza usiku kucha. Kama huitumii, izime. Hasara yake ni zile sekunde chache unazosubiri.

King'amuzi mara nyingi ni mlaji mkubwa kuliko televisheni yenyewe wakati wa kulala. Vingi vikizimwa kwa rimoti huzima taa ya mbele tu, na ukikigusa asubuhi utakuta bado kina moto. Joto hilo ndilo mita yako ya bure. Ingia kwenye mipangilio yake utafute Deep Standby au Power Saving. Kama hakuna, dawa iko ukutani.

Na hapa Oman tuna bahati. Soketi zetu ni zile za Kiingereza za pini tatu nene, na nyingi zina swichi yake pembeni. Weka televisheni, king'amuzi na spika kwenye ekstensheni moja, kisha uzime soketi hiyo moja mnapokwenda kulala. Wati zote za usiku zinakwisha kwa kidole kimoja. Ruta ya intaneti iweke kwenye soketi nyingine, la sivyo watu wa nyumbani watakuamsha.

Seti ya OLED ina sharti moja. Baada ya kutumika jumla ya kama saa 4, ukiizima kwa rimoti hufanya kazi ya ndani ya kusawazisha nukta, ili nembo za chaneli zisiache alama kwenye kioo. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa na inahitaji umeme. Ukizima ukutani papo hapo kila usiku, kazi haifanyiki, na baada ya muda utaona kivuli cha nembo kisichotoka. Zima kwa rimoti kwanza, nenda ukapige mswaki, ndipo uzime ukutani.

Sasa upande wa pili wa swichi hiyo. Umeme wa Maskati ni volti 240, na kwa kawaida umetulia. Lakini tarehe 5 Septemba 2022, Jumatatu mchana, umeme ulikatika Maskati na katika mikoa mingine kadhaa, ukarudi hatua kwa hatua hadi jioni. Katika tukio kama hilo hatari haiko kwenye kukatika. Iko kwenye kurudi. Mtaa mzima una viyoyozi vilivyokuwa vinafanya kazi, vyote vinataka kuanza kwa pamoja, volti inashuka, inaruka, pengine mtambo unakata tena na kujaribu upya. Kila kuruka huko kunapita kwenye ugavi wa televisheni yako, ambao unabaki umeunganishwa hata kama umezima kwa rimoti. Kwa hiyo umeme ukikatika, nenda ukazime soketi ya televisheni. Umeme ukirudi, subiri dakika tano uone taa zimetulia ndipo uwashe.

Hilo linataka uwe nyumbani. Kwa wakati ambao haupo, kuna vifaa, na hapa watu wengi hununua kisichowahusu. Waliokuwa Unguja wakati wa giza la miezi 3, Desemba 2009 hadi Machi 2010, na wengine waliozoea umeme wa kupanda na kushuka, wanapohamia huku huja na imani ya stebilaiza. Kwa televisheni ya leo ni pesa ya bure. Geuza seti yako usome kibandiko cha nyuma: nyingi zimeandikwa 100-240V. Maana yake ugavi wake unavumilia volti za chini bila kuumia. Volti 190 haziusumbui. Adui wake ni volti za juu, na hizo ziko za aina mbili zisizokingwa na kifaa kimoja.

Aina ya kwanza ni mshtuko mfupi: radi iliyopiga karibu, au swichi kubwa ya mtandao. Unadumu sehemu ndogo mno ya sekunde lakini unafika maelfu ya volti. Huo unakingwa na ekstensheni yenye kinga, ambayo ndani yake kuna vipande viitwavyo varista. Volti ikizidi, varista inafunguka na kuumwaga mshtuko kwenye nyutro na ethi.

Aina ya pili ni volti ya juu inayodumu, na sababu yake mbaya kuliko zote ni nyutro kukatika. Vila nyingi za hapa zinaingiza fezi tatu. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 240, lakini kati ya fezi na fezi kuna 415. Nyutro ikilegea kwenye boksi au ikakatika nje, vifaa vya fezi tofauti vinajikuta vimeungana kwa mfululizo kati ya volti hizo 415, na fezi yenye mzigo mdogo ndiyo inayopanda. Kiyoyozi kimewaka kwenye fezi nyingine, televisheni iko peke yake na taa mbili: televisheni inapata volti 350 au zaidi, kwa dakika nzima. Varista haikutengenezwa kwa hilo. Inachemka, inatoa moshi, na ile ya bei rahisi isiyo na kikatio cha joto inaweza kushika moto. Dalili unaziona kwa macho: taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi wakati za chumba kingine zinafifia, feni moja inakwenda mbio na nyingine inasuasua. Ukiona hivyo usizime kifaa kimoja kimoja. Nenda moja kwa moja kwenye boksi uzime swichi kuu, kisha uite kampuni ya usambazaji na fundi mwenye leseni.

Kifaa cha aina hii ya pili ndicho kile tulichozoea kukiita gadi. Hupima volti, hukata zikivuka mpaka, na zikirudi husubiri nusu dakika hadi dakika chache kabla ya kuruhusu. Kule kusubiri ndiko kunakokukinga na kurudi kwa umeme ukiwa kazini. Unapoinunua soma mpaka wake wa juu. Iliyopangwa kwa nchi za volti 220 au 230 inaweza kukata kwenye 250, na kwa Maskati itakuwa inakata bila sababu hadi uichoke uitupe. Tafuta inayokata kwenye 260 au juu kidogo ya hapo. Gadi peke yake ni nzito kwa radi, haiwahi. Kwa hiyo mpangilio mzuri ni gadi ukutani, kisha ekstensheni yenye kinga baada yake. Vipo vifaa vinavyofanya yote mawili kwa pamoja.

Kwenye ekstensheni yenyewe, neno surge kwenye boksi halitoshi. Soma namba mbili. Uc, au volti ya kudumu, iwe 275 au zaidi. Up, yaani kiasi kinachopenya hadi kwenye seti, iwe kilovolti 1.5 au chini yake. Kisha tazama taa mbili ndogo, ya Protected na ya Earth. Varista huchakaa kwa kila mshtuko inaoumeza, na ikifa, ekstensheni inaendelea kutoa umeme kama kawaida. Taa ya Protected iliyozimika ndiyo habari pekee utakayopata. Ekstensheni waliyokuletea jamaa kutoka Marekani, ya volti 120, usiichomeke kabisa, hata ukiwa na adapta ya pini.

Taa ya Earth ikikataa kuwaka, tatizo ni la nyumba. Ardhi ya hapa ni kavu na yenye mawe, na fimbo ya ethi iliyopigwa miaka mingi iliyopita inaweza kuwa haishiki vizuri. Fundi ana kipimo cha kuijua. Ukimwita kwa hilo, mwambie pia aangalie kama boksi lina SPD, kinga ya nyumba nzima. Fyuzi iliyo ndani ya plagi haihusiani na haya: inakinga waya usiungue, na mshtuko umeshapita kabla haijayeyuka.

Kuna mlango wa pili ambao wengi huusahau, nao ni waya wa dishi. Dishi liko juu ya paa, limeungana na king'amuzi, king'amuzi kimeungana na seti kwa HDMI. Radi ikipiga jirani, umeme unaweza kuingia kwa njia hiyo huku plagi yako ikiwa salama. Zipo ekstensheni zenye tundu la kupitishia waya wa dishi, nazo ndizo bora, kwa sababu waya wa umeme na wa dishi vinashiriki ethi moja. Mvua za ngurumo Maskati ni chache, lakini zikija huja kwa nguvu. Siku hiyo swichi ya ukutani haitoshi: nafasi iliyo ndani yake ni ya milimita chache tu, na nyingi hukata fezi pekee. Ng'oa plagi, na uufungue waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, kabla ngurumo hazijafika juu yako. Zikishafika, usiuguse waya huo.

Na seti ikishapigwa, usikubali kuambiwa mara moja kwamba imekwisha. Kama haina hata taa nyekundu, mshtuko uliingia kwa umeme, na mara nyingi kilichokufa ni bodi ya ugavi, wakati mwingine fyuzi na varista yake tu. Bodi hiyo hubadilishwa kwa sehemu ndogo ya bei ya seti. Kama inawaka lakini tundu la HDMI 1 halioni kitu na la 2 linaona, uliingia kwa dishi. Hapo tumia tundu la 2, na upeleke king'amuzi kikaguliwe kabla hujakichomeka humo. Kama sauti ipo na kioo ni cheusi, mulika tochi ya simu kwa karibu: ukiona picha hafifu ikitembea, kioo ni kizima na kilichokufa ni taa za nyuma au ugavi wake. Usimwachie mtu asiye fundi afungue mgongo wa seti, hata kama imeng'olewa ukutani, maana kapasita za ndani hubaki na umeme kwa muda.